Shajara ya mradi: wiki 12, programu moja, marufuku kuhama

Siku ya sifuri

Naandika hii shajara ili nijibane mwenyewe. Mradi wenyewe ni huu: programu moja ya mazoezi ya vyuma, wiki 12, hakuna kuhama. Najua kwa mtu mwingine hiyo hata si mradi, ndo maisha ya kawaida, ila mi ni yule jamaa anayebadilisha programu kila baada ya wiki mbili, hadi pale jimu wamenipa jina, wananiita Toleo Jipya.

Nimeanza vyuma miezi 14 iliyopita. Jana nimekaa chini na daftari nikahesabu, programu 26. Ishirini na sita! Kuna ya seti tano za ripu tano, yaani raundi tano na kila raundi unarudia zoezi mara tano, kuna ya sukuma-vuta-miguu siku sita, kuna juu-chini, kuna ya ketobeli tupu, kuna moja ya dambeli ambayo sijui hata niliitoa wapi, na kila moja ina kichwa chake cha habari kizuri nimekipigia mistari miwili kwa kalamu nyekundu, alafu kurasa tatu nne, alafu kichwa kingine cha habari.

Kilichonifanya nihesabu ni mzee mmoja pale jimu, mtu wa maneno machache, kila siku yuko stendi ile ile ya pembeni. Nimemkuta wiki iliyopita nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, leo unafanya nini kijana? Nikaanza kumwelezea programu mpya kwa mbwembwe zote. Akanisikiliza hadi mwisho alafu akauliza, na ile ya juzi? Nikamwambia ile nishamaliza mzee. Akasema, uliimaliza au uliiacha?

Sikuwa na jibu. Nikaenda kupasha mwili moto.

Siku ya sifuri, usiku

Nimerudi kwenye daftari maana lile swali limenikaa. Shida ya daftari langu ni kwamba namba hazilingani, hapa nimepiga skwoti, ile ya kuchuchumaa na chuma mabegani, ripu 12, kule ripu 3, kule 8, sasa utajuaje kama umepanda au umeshuka? Ila kuna hesabu ya zamani watu wa vyuma wanaitumia kukadiria uzito ambao mtu angeweza kunyanyua mara moja tu, ni hii:

```
uzito x (1 + ripu / 30)
```

Ni makadirio, na ripu zikizidi kumi inaanza kudanganya, lakini kwa kazi yangu inatosha. Nikatafuta zile seti ambazo nilienda hadi mwisho kabisa, nikijua kabisa ripu nyingine haipo. Nimezipata nne, kwenye programu nne tofauti, za kwanza mwezi wa tatu na za mwisho mwezi uliopita. Kilo 67.5 kwa ripu 5, inatoka 78.8. Kilo 62.5 kwa ripu 8, inatoka 79.2. Kilo 72.5 kwa ripu 3, inatoka 79.8. Kilo 57.5 kwa ripu 12, inatoka 80.5.

Angalia hizo namba tena. Ni mtu yule yule! Miezi kumi na moja nguvu haijasogea, imebadilisha nguo tu, na tofauti ya kilo moja na kitu hapo hata sio maendeleo maana hesabu yenyewe inaweza kukosea zaidi ya hapo.

Aisee, nimenuna.

Siku ya sifuri, nyongeza (ndo mwisho, kesho naanza)

Nimejiuliza sana, kama nilikuwa sisogei mbona kila programu nilikuwa naona kabisa inafanya kazi? Maana sikuwa najidanganya, wiki ya kwanza na ya pili uzito ulikuwa unapanda kweli, na mwili ulikuwa unauma kweli.

Nadhani nimepata. Ukianza zoezi jipya, wiki za mwanzo kinachopanda kwa kasi ni ujuzi. Mishipa ya fahamu inajifunza kuiamuru misuli iliyopo ifanye kazi kwa pamoja, mkao unatulia, unaacha kuyumba. Mfano lanji, ile ya kupiga hatua mbele na kukunja goti, na dambeli mkononi, siku ya kwanza nilibeba kilo 10 kila mkono huku natetemeka kama ndama, wiki ya pili nikabeba 16. Nikaandika pembeni "programu imenikubali!!" Misuli ya mapaja haikuwa imeongezeka chochote, nilikuwa nimejifunza tu kutoanguka. Kuongeza msuli wenyewe kunataka wiki nyingi za kuongeza mzigo kidogo kidogo, na mi wiki ya tatu, pale ujuzi unapokwisha kupanda haraka na kazi ya polepole ndo inaanza, nilikuwa nasema mwili umezoea, nahama.

Na yale maumivu ya siku ya pili yake, yale ya kushuka ngazi umeshika ukuta, nilikuwa nayachukulia kama risiti ya kazi nzuri. Kumbe zoezi lolote ambalo mwili haujalizoea linauma, hasa sehemu ya kushusha mzigo, na ukilirudia siku chache baadaye maumivu yanapungua sana hata kama umeongeza uzito. Kwa hiyo mtu anayetafuta maumivu lazima ahame hama. Ndo mi huyo.

Basi. Leo nimepima: skwoti kilo 70, ripu 5, ya sita haipo hata kwa kusukumwa. Kwa ile hesabu ni 81.7. Hiyo ndo namba ya kuanzia.

Wiki ya 1

Programu ni ya kizamani na inachosha hata kuisimulia. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu Jumatano Ijumaa. Siku A ni skwoti, benchi yaani kusukuma chuma ukiwa umelala chali, na kuvuta chuma tumboni ukiwa umeinama. Siku B ni skwoti, kusukuma chuma juu ya kichwa, na dedilifti, ile ya kunyanyua chuma kutoka sakafuni. Zinapishana, A B A, wiki inayofuata B A B. Kila zoezi seti tatu za ripu tano isipokuwa dedilifti ambayo ni seti moja tu. Ukimaliza ripu zote, siku inayofuata unaongeza kilo 2.5. Ndo hivyo tu, hakuna kingine.

Skwoti nimeanza na 50, kisha 52.5, kisha 55. Nyepesi hadi aibu. Jamaa mmoja kaniuliza kama nimeumia. Lakini ndo inavyotakiwa, ukianzia kwenye kikomo chako unakosa pa kupandia, wiki ya pili umeshagonga ukuta na mtu kama mi nikigonga ukuta nafungua simu kutafuta programu.

Wiki ya 2

57.5, 60, 62.5. Ijumaa usiku nikasubiri miguu iume, haikuuma. Jumamosi haikuuma. Nikaanza kuwa na wasiwasi wa ajabu, nikawa najibonyeza mapaja natafuta maumivu, mke wangu akaniuliza umepoteza nini.

Leo ni ile siku. Wiki mbili kamili. Kwa kawaida leo usiku ningekuwa na karatasi mpya na kalamu nyekundu.

Wiki ya 3

65, 67.5, na Ijumaa 70 seti tatu zote tano tano. Yaani ule uzito ambao wiki tatu zilizopita niliufanya seti moja roho ikitaka kutoka, leo nimeufanya mara tatu. Nimeshangaa kidogo ila nimejizuia kushangilia.

Kusukuma juu ndo kumenikwamisha. Nilianza 30, wiki iliyopita ikawa 32.5 na 35, Jumatano nikaweka 37.5 nikapata 5, 4, 3. Na hapo hapo, sitanii, jioni ile ile kuna video imeniangukia kwenye simu, jamaa ana mabega kama milango anasema siri ni kushtua misuli kwa pembe tofauti. Nimeitazama yote. Nimeitazama mara mbili.

Sijahama. Ila nimeandika ukweli, nilishakuwa nimechora jedwali.

Wiki ya 4

Skwoti 72.5, 75, 77.5. Kusukuma juu Jumatatu 37.5 imetoka 5, 4, 4, Ijumaa tena 5, 4, 4. Nimekwama mara tatu mfululizo.

Nimekaa nikapiga hesabu badala ya kupiga mayowe. Kilo 2.5 ukiwa kwenye 77.5 za skwoti ni nyongeza ya asilimia 3 na kidogo. Kilo zile zile 2.5 ukiwa kwenye 35 za mabega ni asilimia 7. Kwa hiyo mabega yanaombwa yaruke mara mbili ya miguu, tena ni misuli midogo, lazima yakwame mapema, hapo kosa ni la ngazi tu, imejengwa kwa hatua kubwa mno. Dawa ni pleti ndogo za nusu kilo, jimu yetu haina, basi njia nyingine ni kubaki na 35 na kuongeza ripu: tano tano tano, alafu sita, alafu saba, ndo niende 37.5.

Alafu kitu kingine nimekiona nikifunga daftari. Kwa tabia yangu ya zamani ningehama mwisho wa wiki ya 2, nikiwa 62.5. Chini ya kiwango changu mwenyewe! Namba yoyote ambayo ni mpya kwangu imekuja baada ya wiki ya tatu, yaani mara 26 nimelipa nauli ya kwenda hadi mlangoni na kushuka kabla gari halijafika.

Wiki ya 5

Jumatatu 80. Jumatano 82.5, ikatoka 5, 5, 4. Ijumaa 82.5 tena, 5, 4, 3. Nimekasirika.

Kusukuma juu 35 kwa sita sita sita. Angalau hiyo.

Wiki ya 6

Jumatatu 82.5 kwa mara ya tatu: 4, 4, 3. Nimerudisha chuma kwenye stendi nikakaa kwenye benchi nikawa natafuta sababu ya kuhama kama mtu anayetafuta sababu ya kuachana.

Mzee akapita. Hakuniuliza kitu, akachukua daftari langu akasoma zile safu akasema, hapa katikati ya seti unapumzika muda gani? Nikamwambia dakika moja, moja na nusu, maana nawahi. Akaniwekea kidole kwenye namba. Akasema seti ya kwanza ikiwa nzima na ya tatu ndo inakatika, hujapumzika. Ila leo hata ya kwanza imekatika, hapo uchovu umerundikana, punguza kwanza. Nikasema asante mzee, akaondoka.

Hiyo nimeipenda kwa sababu sikuwahi kujua kwamba namba zenyewe zinasema shida iko wapi. Ukihama kila wiki mbili hufiki pa kuona namba zikikatika, sa utazisomaje.

Basi nimepunguza asilimia kumi, 82.5 inakuwa 74 na kitu, nimeweka 75. Dakika tatu hadi nne kati ya seti, natumia saa ya simu, sikadirii kichwani. Jumatano 75, Ijumaa 77.5. Na nimekubali pia kwamba nilikuwa nalala masaa matano tu, hilo daftari halikuliandika ila mi nalijua.

Wiki ya 7

80, kisha 82.5 ambayo ilinikatalia mara tatu, leo imetoka 5, 5, 5 na ya mwisho ilikuwa safi kabisa, kisha Ijumaa 85. Kusukuma juu nimerudi 37.5 baada ya kufika saba saba saba, tano tano tano bila kelele.

Sina la kuongeza wiki hii. Nilienda, nikafanya, nikarudi.

Wiki ya 8

Jumatatu 87.5, 5, 4, 4. Jumatano 87.5, 5, 4, 3. Safari hii nimepumzika dakika nne na nimelala vizuri wiki nzima, kwa hiyo zile sababu mbili za mwanzo hazipo.

Hapa nilibishana na nafsi yangu siku mbili. Kuongeza kila siku ya mazoezi ni kitu cha mwanzoni, kuna mahali mwili hauwezi tena kupona na kuongeza ndani ya masaa 48, unahitaji wiki nzima. Hiyo naielewa. Ila nikigusa ratiba si nitakuwa nimehama kiujanja? Maana mi najijua, mi ndo mtu anayeanza na kubadilisha kitu kidogo na kuishia na kamba za kuruka na mpira wa kukalia.

Nikamuuliza mzee. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akasema kijana, skwoti bado ni skwoti? Ndiyo. Siku ni zile zile? Ndiyo. Unaandika? Ndiyo. Sasa umehama wapi, si umesogeza kiti tu.

Kwa hiyo kuanzia sasa Jumatatu ndo siku ya uzito mkubwa na ndo siku pekee ya kuongeza 2.5. Jumatano nyepesi, asilimia 80 ya Jumatatu. Ijumaa katikati. Ijumaa hii nimefanya 70 tu nikaenda nyumbani.

Wiki ya 9

Jumatatu 87.5. Tano, tano, tano. Jumatano 70, Ijumaa 80.

Wiki ya 10

Jumatatu 90. Kilo tisini!! Samahani, nilisema sishangilii.

Jumatano nimekosa, mafua. Zamani siku moja ikiharibika nilikuwa naona programu yote imechafuka, bora nianze kitu kipya Jumatatu, na hiyo nadhani ilikuwa nusu ya sababu ya zile 26, nusu nyingine ni uchu tu. Safari hii Ijumaa nimeendelea pale pale, nyepesi, na sikujaribu kulipia Jumatano.

Wiki ya 11

92.5, ripu zote zimetoka ila ya mwisho kabisa ilipanda polepole kama lifti mbovu. Jamaa yangu mmoja kanitumia programu mpya, amesema hii ndo yenyewe Toleo Jipya, nimekukumbuka. Nimemshukuru. Nimemuuliza yeye yuko wiki ya ngapi, akasema anaanza kesho.

Wiki ya 12

Jumatatu 95, 5, 5, 5.

Kwa ile hesabu, kilo 95 kwa ripu tano ni 110.8. Nilianza na 81.7. Niseme ukweli wote, sio kwamba kilo zile 29 zote ni msuli. Sehemu yake ni kwamba nimepiga skwoti ile ile siku tatu kwa wiki kwa wiki 12 na nimekuwa fundi wake, ile ya kujifunza kutoanguka ipo na hapa pia. Ila paja nimelipima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 57 limekuwa 59, na hilo halijifunzi. Benchi haijafanya maajabu, kutoka 60 hadi 70, imekwama mara mbili na nadhani itabidi niiwekee ule utaratibu wa kuongeza ripu kabla ya kilo.

Nimejiandikia pia ni lini nitaruhusu kuhama kweli, maana nikiliacha wazi nitalitumia vibaya. Kiungo kikiuma, sio msuli, kiungo, na kisipotulia baada ya kupunguza uzito, nabadilisha zoezi hilo moja tu. Na kama Jumatatu tatu mfululizo zimekwama huku nimelala, nimekula na nimepumzika, napunguza asilimia kumi kwanza, ikikwama tena pale pale ndo naangalia ratiba. Kuchoshwa nayo hakumo kwenye orodha. Nilikiandika nikakifuta.

Nilimwonyesha mzee daftari. Akafungua ukurasa wa kwanza, akafungua wa mwisho, akanirudishia. Akauliza, Jumatatu unaweka ngapi?

Wiki ya 13

97.5. Tano, tano, nne.

Jumatano 77.5. Jumatatu ijayo 97.5 tena.